Shukrani Zenye Majedwali

Chuoni walimwita Dada Mkubwa, kwani wenzake darasani wangeweza kuwa wanawe. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na chekechea jambo la maana huandikwa kwa herufi nene. Tasnifu yake, kuhusu watoto wanaochelewa shule, aliiandika vivyo hivyo: kila aya aliipa mtindo wa kichwa cha habari kwenye kompyuta. Kuipendelea sentensi moja na kuziacha nyingine aliona ni uonevu.

Kwenye warsha ya kupanga tasnifu alifuata kitu kimoja tu, saini ya mkuu wa idara. Jioni ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kukusanya kazi. Akikosa, mahafali angeyatazama tena akiwa upande wa wageni, na mumewe alishashona suti.

Mkuu hakuwa na haraka.

"Jamani, mtahini hasomi tasnifu kama hadithi," alisema. "Anaangalia malengo yako sura ya kwanza, halafu anaruka hadi sura ya nne kuona kama kila lengo limepata jibu. Kila kitu kikikaa mahali pake, anakupima kwa ulichogundua. Kisipokaa, anakupima kwa alivyochoka. Na wewe mwenyewe unaliona pengo kabla yake. Nani atupe kazi yake tuitazame?"

Dada Mkubwa alishasimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mkuu akaifungua kwa projekta ukutani, akaiagiza kompyuta itengeneze orodha ya yaliyomo. Yakaja, yakazidi kuja. Kompyuta huokota kila chenye mtindo wa kichwa cha habari, na hapa haikukuta kingine. Tasnifu nzima ikahamia kwenye yaliyomo, kila aya na namba yake ya ukurasa. Watu wakavunjika mbavu.

"Dada, yaliyomo yamo yote kweli," Mkuu alisema.

Akazirudisha aya kuwa maandishi ya kawaida, akabakiza vichwa peke yake. Yaliyomo yakanywea hadi ukurasa mmoja, na hapo ukweli ukajianika: malengo yalikuwa matatu, matokeo mawili.

Kuchekwa aliweza. Kurudi nyumbani bila saini hakuweza.

"Lengo la tatu ni maoni ya wazazi," Mkuu alisema. "Wazazi wako wapi?"

"Wapo, Mkuu. Nimewaweka kwenye shukrani. Niliona si adabu kuwakalisha nyuma."

Kweli, shukrani zilikuwa na kurasa sita na majedwali mawili. Mkuu akasoma kwa sauti: "Nawashukuru wazazi, ambao wengi wao walikiri kuwa wanaochelewa kuamka ni wao, si watoto."

Akavua miwani. "Haya ndiyo matokeo bora kuliko yote humu, na mtahini hapiti huku."

"Tunapita," alisema mhadhiri mzee aliyekuwa nyuma, mtahini wa miaka mingi. "Tunatafuta majina yetu."

Wakawahamisha wazazi, majedwali na yote, hadi sura ya nne. Yaliyomo yakatimia, Mkuu akatia saini.

Jioni mume aliifungua ile kazi kwa fahari, akafika kwenye shukrani. Palikuwa na mstari mmoja, wake.

"Mbona nimebaki peke yangu?"

"Wenzako wamehamia kwenye matokeo, baba watoto," akamwambia. "Wewe bado hujathibitishwa."