Mama Sindano Kati ya Baba na Binti

Majirani walimwita Mama Sindano, kwa kuwa alishona nguo za watu chumbani kwake na hakukosa sindano mbili tatu zilizochomekwa kifuani. Alikuja ugenini na mumewe aliyepata viza ya masomo, binti yao bado ananyonya. Mume alipougua na kuacha chuo, viza za wote watatu zikaisha. Wakasema watalishughulikia. Miaka ikapita.

Tangu hapo hakuwa na raha. Mlango ukigongwa, cherehani inanyamaza. Akiona sare barabarani, hata ya mzoa taka, anavuka upande wa pili.

Kisha kaka yake akapiga simu kutoka nyumbani. "Dada, baba yuko hoi. Anakuulizia wewe tu."

Akavuta begi uvunguni. Mumewe akasema, "Kuna dalali anaweza kukugongea muhuri wa viza kwenye pasipoti, uende na urudi."

"Muhuri wa bandia? Tukimbie mvua tuingie mtoni?"

Kesho yake akaenda kituo cha msaada wa kisheria, juu ya duka la viatu. Wakili, mwanamke wa makamo, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Ukiondoka mwenyewe, yaelekea watakuacha upite, lakini wataandika kwamba ulizidisha muda, na unaweza kupigwa marufuku kurudi kwa miaka. Ukingoja wakukute, ni mahabusu na kurudishwa kwa nguvu. Kuna njia nyingine: binti yenu amekulia hapa, amesoma hapa. Mnaweza kuomba ukaazi kwa ajili yake, familia nzima. Si lazima wakubali. Na ukitoka kabla ya jibu, ombi lako limekufa."

"Na baba yangu?"

Wakili akavua miwani. "Kwa hilo, dada yangu, sheria haina jibu."

Alizunguka mitaani hadi viatu vikamchubua, ndipo akampigia baba, akamweleza yote.

"Mwanangu," mzee alisema kwa pumzi za kukatika, "ukija utanizika vizuri, najua. Halafu mjukuu wangu akae miaka mingapi bila mama? Kaa. Mimi niombee tu."

Wakakusanya barua za shule, kadi za kliniki, ushahidi wa kila mwaka waliokaa. Wakapigwa alama za vidole, wakaamriwa kuripoti uhamiaji mara kwa mara. Baba hakungoja. Siku ya mazishi iliangukia siku ya kuripoti, na Mama Sindano akasimama kwenye foleni, simu imezimwa kwa amri ya askari wa mlangoni, huku kule kwao wakifukia kaburi. Aliyekuwa mbele yake aligeuka, akamwona machozi yakimtoka, akampisha.

Wakili alipiga simu msimu mwingine. "Mmekubaliwa. Kibali ni cha muda, mtakiongeza kabla hakijaisha. Msilale tena!"

Mume akapiga vigelegele kama mwanamke, binti akacheka hadi akakohoa. Mama Sindano akaketi kitandani.

Alisafiri baadaye, kwenda kuliona kaburi la baba. Kwenye uwanja wa ndege, afisa alitazama kibali, akamwambia, "Safari njema." Hata hivyo akapita akiangalia nyuma.