Mvua Aliyomnyeshea Valence

Lidwina wa Ruhuwiko akichora moto, paka wa mtaa mzima walikuja kuuota. Akichora mvua, jirani yake Devota alianua mahindi uani na jua linawaka. Asiyeamini na akaulize mtaani Msamala. Wapo walioshuhudia, na wasioshuhudia ndio wanaapa zaidi.

Miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mitumba imejaa sokoni na mabanda ya video yamefunguliwa kila kona, yeye na mumewe Valence walifanya kazi kwenye karakana ya filamu za katuni, chumba kimoja kilichokuwa zamani ghala la mbolea. Valence alichora watu, mchoro baada ya mchoro, kila mmoja ukisogea kidogo, mpaka mtu akatembea. Lidwina alichora visivyo na mifupa: moto, moshi, maji, mvua. Vyake vilikaa kwenye karatasi zake za nailoni peke yake, zinazoonyesha ng'ambo kama kioo, zikalazwa juu ya zile za mumewe, zote zikashikwa na vijiti vilevile zisihame hata unywele. Ndipo kamera ikapiga kutoka juu.

"Mke wangu, watu wangu umewalowesha tena!"

"Wewe zaa, baba. Mimi nabatiza."

Filamu yao ya mwisho ilikuwa ya kuwaonya watu wasichome mashamba ovyo. Mkulima anaukimbia moto aliouwasha mwenyewe, anaingia mtoni, mvua inashuka, anavuka. Valence alimpa mkulima yule mwendo wake mwenyewe, bega la kushoto mbele, kama mtu anayesukuma mlango. Alimchora hadi katikati ya mto, mguu umeinuliwa. Kisha kifua kikamshinda. Wakamzika kwao Maposeni, na mkulima bado mguu juu.

Calvin, msimamizi wa karakana, alingoja matanga yaishe. Akaja na michoro aliyomalizia yeye. Lidwina akaipeperusha kwa kidole gumba.

"Kaka Calvin, huyu anatembea kama karani aliyechelewa kazini."

"Basi turudie hatua zake za mwanzo."

"Za mwanzo anatujia. Hapa ametupa mgongo, anakwenda mbali, anapungua. Hazikai."

"Filamu tuikatie hapo mtoni, basi. Ijumaa filamu inapanda basi kwenda Dar kusafishwa, dada yangu."

"Nimwache mume wangu majini, mguu mmoja? Na mkono wa mwingine usimguse. Niachie mimi."

Alianza na moshi. Aliuleta mapema, mwembamba, kutoka kwenye moto nyuma ya mkulima, ukivimba taratibu. Maana moshi ukiharakishwa unakuwa pazia, na pazia kila mtu anajua linaficha kitu. Ukamfikia, ukamlalia pale michoro ya Valence ilipokoma. Ulipotawanyika, hapakuwa na mtu.

Kisha maji. Kanuni yao ilikuwa moja: mguu ukigusa, maji yanaruka kwenye mchoro unaofuata, si kabla. Yanapanda upesi, yanasita kileleni, yanakatika kuwa matone. Sasa mguu haukuwepo. Lidwina akainuka, akatembea chumbani bega la kushoto mbele, akiutafuta mwendo wa marehemu ndani ya miguu yake mwenyewe, na kila mguu ulipotua akauchorea maji yakiruka. Kushoto. Kulia. Madogo, madogo zaidi, hadi ng'ambo. Chozi likaangukia nailoni. Akalifuta kwa khanga. Chozi halijui kuruka, linachafua tu.

Mwisho mvua: michirizi minene ya karibu, myembamba ya mbali, myeupe juu ya weusi, nailoni chache zikibadilishwa kwa kuchanganywa ili jicho lisishike mzunguko. Calvin akairudisha filamu nyuma ndani ya kamera, akaipiga mvua juu ya picha zilizokwisha kupigwa. Hapo ndipo Lidwina alipomfunika mumewe.

Filamu iliporudi, waliionyesha Maposeni, kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Mvua ilipoanza, kina mama walijitanda khanga vichwani, na mmoja akawaita mbuzi wake waingie ndani.

"Kavuka! Kavuka huyo!"

"Nimemwona mimi, kashika majani ya ng'ambo!"

"Na kofia mkononi," akaapa mzee Pankrasi. Mkulima yule hakuwahi kuwa na kofia.

Notburga, mama yake Valence, alikuwa amekaa mbele, mkono wake kwenye goti la mkwewe. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Mwanangu, ule si mwendo wake?"

"Ndio wake, mama."

"Mimi hapa kwenye mvua nimempoteza. Amefika?"

"Amefika, mama."

Bibi akashusha pumzi. "Ahsante. Leo nitalala."

Watu wote wakapiga vigelegele. Ni Lidwina peke yake aliyekuwa akitazama maji matupu yakiruka, kushoto, kulia, yakipungua, na hakuna mguu.