Debe la Nundu

Ferista Nzunda alichaguliwa kuwa mjumbe wa majadiliano kwa sababu wenzake walitaka kupumzika. Hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, lakini kila mtu pale kiwandani Mlowo alilijua. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Ukimwambia mvua inanyesha, atataka kujua kwa nini upande huu tu. Wachambuzi wenzake walimwita Mama Kwa Nini, na Enesi, aliyekaa naye meza moja miaka yote, alisema wazi kwamba siku Ferista atakapokwenda Vwawa kujadiliana na waajiri, yeye angalau atachambua kahawa huku masikio yake yako likizo.

Kazi yenyewe ni hii. Kahawa ikishakobolewa kwenye mashine, humwagwa mezani, na wanawake hutoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Ile safi inajazwa kwenye debe, na mchambuzi analipwa kwa debe. Wanaume wa mashine, akiwamo mume wake Sebastian, wana mshahara wa mwezi. Ndiyo maana mkataba uliopita ulipoongeza mishahara, nyumba yao ilipata furaha ya upande mmoja. Sebastian aliongezewa. Ferista aliambiwa nyongeza ilikuwa ya mshahara wa msingi, na debe si mshahara.

“Sasa ni nini?” aliuliza wakati ule. 

Safari hii wachambuzi waliweka sharti. Debe lisipoingia kwenye mkataba, wanajitoa chamani wote. Hayo hayakuwa maneno ya hasira tu. Chama cha wafanyakazi kinatambuliwa na mwajiri kama msemaji wa wote kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika, na kule Mlowo wachambuzi ndio waliokuwa hiyo nusu na zaidi. Wakiondoka, chama kinabaki na bendera na katibu. Ferista alipanda gari la Vwawa akijua kwamba akirudi bila debe, hatapokelewa na mtu, hata Enesi na masikio yake yaliyopumzika.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, wenye viti vilivyovalishwa nguo kama bibi harusi. Upande mmoja chama, wakiongozwa na Enoka, katibu wa kanda, mtu mpole anayekunja mikono ya shati kabla ya kusema jambo lolote, hata kuomba chumvi. Upande wa pili waajiri wa viwanda vyote sita vya kukoboa kahawa vya wilaya, waliokuwa na umoja wao. Ferista aliwatazama kwa mshangao. Hawa watu msimu mzima wanang'ang'ania kahawa ya vyama vya wakulima, wanasemana vibaya mpaka kwenye misiba. Leo wanagawana chupa moja ya maji.

Wakati wa chai alimfuata Boazi, mwenye kiwanda cha Ruanda, kijiji cha wilaya hiyohiyo, mzee mnene anayecheka kwanza halafu ndiyo anatafuta sababu.

“Bosi, shikamoo. Samahani, kwa nini mnakaa pamoja na hampendani?”

Boazi alicheka, kisha akafikiri. “Marahaba, mama. Mimi nikiongeza mishahara peke yangu, lazima nipandishe bei ya kukoboa. Nikipandisha, wakulima wanahamia kwa huyo hapo anayekula sambusa yangu. Tukiongeza wote kwa siku moja, hakuna wa kumkimbilia. Umoja huu si upendo. Ni kuchungana.”

Ferista alilibeba neno hilo mpaka kwenye kiti chake. Kumbe ndiyo maana chama nacho hakikutaka kwenda kiwanda kwa kiwanda. Kikimbana mmoja, atasema jirani yake halipi hivyo, na atakuwa anasema kweli.

Siku ya kwanza ilikwenda kama mnada wa ng'ombe, ila ng'ombe hayupo. Chama kilianza na asilimia kumi na tano, waajiri wakaanza na tano, na kila upande ukaapa kwamba hapo ndipo mwisho. Enoka alijua hapakuwa mwisho, na waajiri walijua kwamba Enoka anajua. Alitaja bei za unga na kodi za vyumba. Wao walitaja umeme na vipuri. Alipoomba hesabu za gharama za uzalishaji walijikuna, lakini walizitoa, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe majadiliano. Ikifika pagumu, kila upande ulijifungia chumba chake kushauriana, kisha wakarudi na nyuso mpya. Kufikia jioni walikuwa wamesogea hadi kwenye asilimia kumi ya mshahara wa msingi. Mjumbe wa wanaume wa mashine alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Asubuhi ya pili Enoka akaweka mezani hoja ya debe. Ferdinand, meneja wa kiwanda cha Mlowo, bosi wa Ferista mwenyewe, akajibu kwa upole kwamba malipo ya debe ni makubaliano ya ndani ya kila kiwanda, hayana haja ya kusumbua wilaya nzima. Wenzake wakatikisa vichwa. Hoja ikawa inalala chini ife.

Ferista akanyoosha mkono. Hakuwa na mbinu. Alitaka tu waone ugumu wa kazi.

“Waheshimiwa, debe moja si mchezo. Unalijaza mpaka mdomoni, halafu unaweka nundu, unapiga-piga, unaongeza, mpaka nundu isimame yenyewe kama ya ng'ombe. Nundu ikianguka, unaanza upya. Nyie wote mnajua.”

Waajiri wakatazamana. Ferista alidhani ameongea Kinyiha, lugha ya kwao, bila kujijua, jambo ambalo humtokea akichangamka.

“Nundu gani?” Boazi aliuliza. Safari hii hakucheka.

Ferista akamshangaa. Alikuwa amechambua kahawa Mlowo tangu usichana, na hakuwahi kuona debe lingine. Kwake debe lilikuwa na nundu kama vile kuku alivyo na mdomo. Akaeleza tena, kwa mikono. Boazi naye akaeleza kwamba kwake Ruanda wanapitisha ubao juu ya mdomo wa debe, kinachozidi kinarudi mezani, na hapo mtu analipwa. Wakaulizwa wengine. Kwa jumla, wawili walikuwa na nundu, wanne walifuta kwa ubao.

“Kumbe,” Boazi alimgeukia Ferdinand, “ndiyo maana bei yako ya kukoboa siipati hata nikiota. Mimi nalipa debe. Wewe unalipa debe, la pili unalibeba mgongoni.”

Ferdinand alisema ni utaratibu wa zamani, ameukuta. Pengine ni kweli, lakini shingo yake ilikuwa imeloa. Wale wanne waliokuwa wakitikisa kichwa kukataa hoja ya debe sasa ndio waliotaka ijadiliwe, na haraka. Enoka alikuwa ameshakunja mikono ya shati hadi kwenye kwapa. Akapendekeza uchambuzi ulipwe kwa kilo, kwa mizani, mbele ya mchambuzi, kiwango kimoja viwanda vyote sita, na asilimia ya nyongeza ipande juu ya kiwango hicho pia.

Waajiri wakaenda chumbani. Waliporudi walikuwa na bei. Kilo, sawa. Mizani, sawa. Lakini mfuko wa mishahara ni uleule. Wachambuzi wakiingia, asilimia inashuka kuwa nane kwa wote.

Kwenye chumba cha chama, mjumbe wa mashine hakutabasamu tena. Alisema wanawake wamepewa mkataba wa hali bora na wanaume wameachiwa hali. Ferista alimfikiria Sebastian, ambaye jana usiku alikuwa ameshaitumia kumi yote kwa mdomo, kwenye simu, hadi bati la jikoni. Akauliza kama wanaweza kukataa na kusubiri. Enoka alimwambia wanaweza: shauri lingepelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi angekaa nao, ikishindikana kuna mgomo wenye taarifa na taratibu zake. Msimu ungeisha hapo katikati. Walipiga kura, nane ikapita kwa kura moja. Si lazima niseme ya nani.

Kikabaki kisiki kimoja. Ferdinand alisema kiwanda chake kinaweza kujitoa kwenye umoja wa waajiri, na mkataba usimhusu. Waajiri wengine walikataa kuweka saini kama yeye yuko nje, kwa maana angebaki na nundu yake akiwachekea. Ferista ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

“Bosi, ukitoka, sisi chama chetu bado tuko wengi kwako. Si utakaa na sisi peke yako?”

Ferdinand alipiga hesabu. Mwajiri aliye nje ya umoja bado analazimika kujadiliana na chama chenye wengi kwake, ila hatakuwa na Boazi wa kumchungia mlango. Na upande wa pili wa meza angekaa Mama Kwa Nini, siku zote za majadiliano. Alitoka nje kupiga simu kwa mwenye kiwanda. Aliporudi alisema kiwanda kitabaki.

Rasimu ilirudishwa kwanza kwa wanachama. Pale Mlowo walikutana kwenye banda la magunia. Kabla ya kura, Sebastian alimvuta mkewe pembeni ya mashine.

“Mama Mercy, asilimia zangu mbili umeziuza kwa nani?”

“Sijauza, Baba Mercy. Zilikuwa zetu. Zilikuwa zinakaa kwenye nundu.”

Sebastian alirudi kwenye kundi la wanaume wa mashine. Enoka alipoita wanaokubali, mikono ya wachambuzi iliinuka kama mahindi. Wa Sebastian uliinuka nao, ukafika usawa wa sikio, ukaanza kulikuna. Katibu aliuhesabu. Sebastian hakupinga.

Mkataba ulisainiwa na pande zote mbili, nakala ikaenda kwa Kamishna wa Kazi, na mizani ikaletwa, mpya, ikiwa bado na nailoni. Enesi alimimina kahawa yake ya kwanza akasogeza uso karibu na namba kama anayesoma ujumbe wa mchumba. Debe la zamani alikuwa ameshalichukua, amepanda vitunguu.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama mchambuzi mgeni ambaye hakuwahi kujiunga na chama hata kwa bahati mbaya. Naye alilipwa kiwango kilekile kipya, kwa sababu mkataba unawafunga wote wa sehemu ile, waliomo chamani na wasiokuwamo. Ferista alimwangalia akichukua hela yake na kuondoka akiimba.

“Enesi,” alisema, “kwa nini huyu naye?”

Enesi alifunga macho. Likizo ya masikio yake ilikuwa imekwisha.