Pipa Nililolipunguzia Chumvi

Tangu nianze kuuza samaki soko la katikati ya jiji, nimeomba kupunguziwa kila kitu isipokuwa nauli ya kwenda mbinguni, na hiyo ni kwa kuwa sijampata kondakta. Kwa hivyo mpishi mmoja aliponiambia kwamba kilo tatu za dagaa zinataka kilo moja nzima ya chumvi, niliguna kama ninavyoguna kila siku.

"Dada, hiyo ni nyingi. Punguza kidogo."

"Hii haipunguzwi, mama," akasema.

Alikuwa Mfilipino, mteja wangu wa miaka mingi, akipika kwenye mkahawa mmoja wa Westlands. Kiswahili chake alifunzwa na jikoni na soko, kwa hivyo alijua kutukana vizuri kabla hajajua kusalimia. Siku hiyo hakuwa na matusi. Vyakula vyake vyote vilitegemea mchuzi wa samaki waliochachuka, unaotoka ng'ambo kwa chupa, na bosi wake alikuwa amechoka kuulipia. Alimwambia atengeneze mwenyewe hapa Nairobi, la sivyo mkahawa ugeuke wa nyama choma. Wa kuchoma mbuzi alishapatikana. Mpishi akipoteza kazi ile, anapoteza na kibali cha kukaa nchini, na kule kwao kuna mama mzee anayekula kutoka kwenye mshahara huo.

Nikamwambia alete mapipa nyuma ya nyumba ninayopanga Muthangari. Sikuwa malaika. Dagaa wangetoka kwangu.

Walifika asubuhi kwa basi kutoka pwani, dagaa wa baharini, kilo sitini na ziada kidogo ndani ya barafu. Niliwapima mara mbili. Yeye hakujali mizani, alijali macho na matumbo. Kila dagaa mwenye tumbo laini alimtupia paka.

"Samaki akikaa kwa joto kabla ya chumvi, sumu inaingia," aliniambia. "Hiyo sumu chumvi haitoi. Hata ukichemsha, haitoki."

Nikachukua kisu nianze kutoa matumbo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Akanishika mkono.

"Wacha! Matumbo ndiyo inapika."

Akanieleza huku akichanganya kwa mikono miwili. Yale maji ya tumboni ambayo dagaa alisagia chakula chake, sasa yatamsaga yeye mwenyewe, polepole, mpaka nyama iwe mchuzi. Chumvi haipiki. Chumvi ni askari wa mlangoni. Inanyonya maji kutoka kwa samaki, na maji yanayobaki inayashikilia hata vijidudu vya kuozesha havipati cha kunywa. Vichache vinavyovumilia chumvi ndivyo huongeza harufu nzuri. Askari akiwa mmoja kwenye mlango wa watu mia, hakuna askari.

Pipa la kwanza tulilijaza pamoja: dagaa kilo thelathini, chumvi ya mawe kilo kumi, nyingine ikiwa tandiko chini, nyingine blanketi juu. Akaweka kimia na mawe yaliyooshwa ili samaki asielee. Kisha simu ikalia. Kazi imewaka jikoni mkahawani, wanamtaka.

"Malizia ya pili, mama. Chumvi yote. Hata ile ya juu."

Nikabaki na dagaa kilo thelathini na chumvi kilo kumi. Nikapima. Kumi. Nikapima tena. Kumi. Na mimi mwenyewe huwa natia samaki chumvi kisha nawaanika juani, na kwa mzigo kama ule kilo tatu zimenitosha miaka yote. Huyu dada, nikawaza, anafunza chura kuogelea. Nikatia tatu. Saba nikazirudisha kwenye gunia, nikafunga pipa, nikajisifu.

Wiki mbili baadaye kifuniko cha pipa la pili kilikuwa kimevimba kama shavu lenye jino bovu. Harufu iliingia nyumba ya jirani yangu wa kutoka Ukambani, mwimbaji wa kwaya, ikamkatiza sauti ya kwanza katikati ya mazoezi. Keateka wa ploti, msimamizi wa nyumba zetu, akaja akiwa amejifunga leso puani.

"Mimi nimekula omena tangu nizaliwe," akasema, "lakini hii ni ya polisi. Jumamosi mapipa yote mawili yatoke."

Mpishi alikuja jioni ile. Akafungua pipa la pili, akalifunga, akaketi juu ya kreti.

"Labda ni baridi ya Nairobi," akasema. "Kwetu ni joto. Ama ni mimi. Mama yangu ndiye anajua hii kazi. Mimi nilikuwa naangalia tu."

Nami nikasema, "Pole, dada." Nimewahi kuuza samaki wa jana kwa bei ya leo, lakini neno hilo ndilo bidhaa mbovu zaidi niliyowahi kumpa mtu.

Jumamosi keateka alikuja na mkokoteni. Mpishi mwenyewe alikuwa ameshika upande mmoja wa pipa la kwanza asaidie kuliondoa. Hapo nikashindwa.

"Hilo liacheni. Hilo halina kosa. Lile la pili nililipunguzia chumvi. Nilitia tatu."

Alinitazama. "Tatu badala ya kumi?"

"Tatu. Kama ya kuanika."

"Ya kuanika jua linamaliza maji, mama! Ndani ya pipa jua liko wapi?"

Jua halikuwepo. Nilikuwa nimemfukuza askari na kumwachia mwizi maji ya kunywa.

Nilidhani atanitukana, na ningeyapokea yote bila kuomba kupunguziwa. Badala yake akacheka, machozi yakimtoka, maana siku mbili alikuwa amelala akiamini kwamba hii kazi haijui. Akachota chumvi kidogo, akaidondosha kwenye kikombe cha maji ya pipa la pili, akakoroga. Ikayeyuka. Akafanya vilevile kwa la kwanza. Chembe zikazunguka, zikatua chini, zikakaa. Maji yale yalikuwa yameshiba, hayakutaka zaidi.

Keateka akateremsha leso, akanusa la kwanza. Akanusa tena.

"Hili linanuka samaki," akakubali. "Lile linanuka dhambi."

La pili tulilizika kwenye shimo refu, mimi ndiye niliyechimba. La kwanza likahamia kibanda cha mabati kinachopata joto mchana. Jirani alikubali kwa sharti kwamba lisifunguliwe siku za kwaya.

Mpishi alikuwa amesema mchuzi utakuwa tayari baada ya mwaka mmoja. Baridi ya Julai ilitupiga mara mbili, tukasubiri miezi kumi na sita. Nilipofungua kibomba cha chini, kilitoka kitu cha rangi ya chai ya rangi, safi, chenye harufu ya nyama na bahari. Mpishi aliuchuja mchuzi huo kwa kitambaa, akautia chupani. Bosi alionja juu ya wali mweupe, akaongeza wali. Kisha akauliza kama chupa inafaa kuwekwa friji.

"Wapi," mpishi akasema. "Hakuna kitu kinaweza kuishi humo ndani."

Mbuzi wakasalimika. Kibali kikaandikwa upya. Chupa yangu moja bado iko rafuni nyumbani, imefunguliwa siku nyingi, haijavimba wala kubadilika.

Juzi mpishi alikuja sokoni kuagiza dagaa kilo sitini. Nikampimia chumvi kilo ishirini. Nikapima tena, ishirini. Akachukua mzigo wa chumvi, akauweka kwenye mizani ya muuzaji mwenzangu, akaupima mara ya tatu mbele yangu bila kuomba radhi.

Sikukasirika. Ningekuwa yeye, ningepima mara ya nne.