Fundo la Mtumbwi

Wadogo zake walimleta hospitalini asubuhi kwa pikipiki kutoka Minago, kando ya ziwa, mikono wameifunga nyuma kwa kamba ya nyavu. Alikuwa mvuvi, mtu mzima, anapiga kelele kwamba hao wadogo zake wanataka kumtupa ziwani. Mkuu wangu wa wodi akasema, "Mufungeni kitandani mpaka daktari arudi."

Nikakataa. Nikafungua daftari, nikampa kalamu. "Basi andika: nani ameagiza afungwe, kwa nini, kuanzia saa ngapi, na nani atamkagua kila robo saa. Andika pia tumejaribu nini kabla ya kamba." Hakuigusa kalamu. Mimi nami sikuigusa kamba ya kumfunga kitandani.

Nikawatoa wote chumbani, akabaki mwenzangu mmoja kando. Nilisimama mbali kidogo na mgonjwa, mlango nikauacha wazi asijione ametegwa. Nikaongea mimi peke yangu, polepole. "Kaka, hapa hakuna atakayekutupa. Mikono inauma?"

Akanitukania mama. Nikauliza tena. Nikampa achague: maji kwanza, au tufungue kwanza. Sauti yake ikashuka.

"Fungua."

Lile fundo lilinishinda, vidole vikachubuka. Akaanza kunielekeza bila kugeuka: vuta huku, legeza kule. Kamba ikaanguka. Mkuu alikuwa mlangoni, anatazama.

Mvuvi akasugua alama za kamba mikononi. "Hilo fundo nilimufundisha mimi mudogo wangu," akasema. "La kufunga mutumbwi. Si mutu."