Makosa Matatu kwa Kila Ukurasa

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa mzee aliyefundisha Kifaransa miaka mingi kabla ya kuingia kazi za migodi, na hakuna karatasi iliyotoka bila kalamu yake nyekundu. Mimi nilikuwa mtafsiri wa majaribio. Kampuni yetu ilichakata upya mabaki ya madini hapa Kolwezi, na kila mwezi nilitia ripoti yake katika Kiingereza kwa ajili ya makao makuu ng'ambo. Ripoti mbili zilikuwa zimerudishwa. Ikirudi ya tatu, nami narudi mtaani Kapata kwa mama, ambaye alishatangaza kazi yangu kanisani, na hata kwa majirani ambao hawakuuliza.

Kosa halikuwa langu, na hilo liliniudhi sana. Makao makuu walitutumia karatasi ya kanuni. Maneno mawili yanayoungana kueleza nomino inayofuata yashikwe kwa kistari: "low-grade ore". Yakija nyuma ya nomino, kistari kinaondoka: "the ore is low grade". Na neno kama "newly" halishikwi na kitu: "newly built pond". Katika vichwa vya habari, kila neno lenye uzito lianze na herufi kubwa, hata "Is" ijapokuwa ni fupi, ila vijineno kama "and", "of" na "the" vibaki vidogo visipokuwa mwanzoni wala mwishoni.

Niliandika hivyo hivyo: "Low-Grade Ore and the Newly Built Pond". Mzee akashusha herufi zote isipokuwa ya kwanza, maana ndivyo Kifaransa kinavyotaka, kisha akafuta kistari. Nilipomwonyesha ile karatasi ya kanuni, alisema mwandishi wake hakusoma shule nzuri.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikatoa nakala za zamani kabatini, nikahesabu alama zake nyekundu. Kila ukurasa ulikuwa na tatu. Akishapata tatu anatia sahihi yake ndogo pembeni na kufungua ukurasa unaofuata, hata kama chini yake kuna kichaka cha makosa. Kumbe mzee hakuchukia vistari. Alitaka matatu yake tu, na mimi nilikuwa namnyima chakula.

Basi nikampikia. Ripoti ya tatu niliipandia makosa matatu kila ukurasa, yote juu juu: nukta iliyosahaulika, neno lililoandikwa mara mbili, nafasi pana mno. Tarakimu sikuzigusa, mimi si mwendawazimu. Alisoma akivuma wimbo wa kanisani. Ukurasa wa tano aliona mawili tu, na kalamu ikaanza kushuka kuelekea kistari changu. Nikamuuliza kwa adabu kama ile sentensi ya mwisho ilikuwa na nukta. Akaipata, akafurahi kama aliyeokota hela, akaniambia nianze kutumia macho.

Nilisahihisha yale aliyoyatia alama, nikatuma. Ripoti haikurudi. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Lualaba, na nilitembea hivyo wiki nzima.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwisho wa mwezi mzee aliniita, akaniwekea mezani mkataba wa kudumu, nakala ya Kiingereza ya kupeleka makao makuu, aliyoipiga chapa mwenyewe. Juu yake akaweka kalamu nyekundu. Sikuwahi kuona mtu mwingine akiishika.

"Soma, mama," alisema. "Mi niliweka makosa tatu. Bile we unanipikiaka."

Nilitamani sakafu inimeze; kumbe alijua muda wote kwamba nampikia. Nikainama kwenye kichwa: "Contract Of Employment for a Full Time Translator". "Of" nikaishusha. Kati ya "Full" na "Time" nikatia kistari. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na hapo nikajua kwamba ile karatasi ya kanuni alikuwa ameisoma vizuri kuliko mimi. La tatu sikulipata. Nilipita kila kichwa, kila herufi kubwa, nikarudi mwanzo, nikamwambia yapo mawili tu.

"Mama, we unatafuta paka tutrait," alisema polepole, yaani vistari tu. "Date haukuione."

Tarehe ilikuwa mstari wa nne, wazi kabisa: kazi yangu ya kudumu ilikuwa inaisha kesho.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na baadhi yalikuwa ya aibu. Nikaikata ile tarehe kwa kalamu yake. Mzee akatia sahihi ndogo pembeni ya mkato wangu, akachukua kalamu, akaniambia ripoti ijayo nimwekee makosa magumu kidogo.