Madumu Ishirini na Tano

Mama mtunza stoo alikuwa na safari ya Kintinku. Jumamosi ilikuwa send-off ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na basi alilokata tiketi lilikuwa linaondoka Singida Ijumaa saa nane mchana. Lakini kiwandani kwetu, kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, mtunza stoo hatoki kabla ya kukabidhi. Kukabidhi maana yake ni kwamba kila kadi ilingane na kilichopo chini yake. Aliyekuwa anakabidhiwa ni mimi, mwenye digrii na miezi miwili kazini.

Kadi zile nilizibishia tangu siku ya kwanza. Kila bidhaa ina kadi yake ngumu imening'inizwa kwenye msumari: tarehe, namba ya hati, kilichopokelewa, kilichotolewa, salio. Ukitoa madumu matano, unaandika mstari na kupiga salio papo hapo.

"Shikamoo mama. Kwa nini tusijumlishe mara moja jioni?"

"Marahaba. Jioni utakuwa umesahau, msomi."

"Na kompyuta je?"

"Umeme ukikatika utanijibu wewe."

Ijumaa ile tulianza saa mbili asubuhi. Vichujio, sawa. Mikanda ya mashine, sawa. Hadi saa tano tulikuwa tumebakiza kadi moja tu, ya madumu matupu ya lita ishirini. Kadi ilisema 212. Tulihesabu 187. Tukarudia kuhesabu, yeye akianzia mlangoni na mimi ukutani. 187.

Mama alitazama saa, akakaa juu ya fungu la madumu.

"Tuandike 187 basi," nikasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na meneja akiuliza yale mengine yako wapi, nitamwambia yamekwenda kwenye send-off kubeba maji?"

Kuli wetu, mtu mzima mwenye utani mwingi, alicheka mlangoni. "Wataamini hao! Kintinku kwenyewe na shida ile ya maji!"

Mama hakucheka. Alivaa miwani, akashusha kidole kwenye kadi hadi kwenye mstari mwekundu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anahesabu kwa mkono na kuandika kwa kalamu nyekundu: imehesabiwa, sawa. "Hapa tulikuwa salama," akasema. "Kosa liko chini ya hapa." Ilibaki mistari tisa tu. Hapo ndipo, kwa aibu, nilipoona faida ya kupiga salio kila mstari.

Tulikagua hesabu kwanza. Salio la juu, jumlisha, toa. Zote zilikuwa sahihi. Tukachukua faili la hati, mstari mmoja hati moja. Kwenye mstari wa nne mama alisimamisha kidole. Salio lilikuwa 96, yamepokelewa 100, salio 196. Mwandiko wangu.

"Hii namba ya hati mbona ndefu hivi?"

Hati zetu za kupokelea zina tarakimu tatu. Ile ilikuwa na saba. Niliinakili kutoka kwenye karatasi ya muuzaji, iliyokuja na gari.

"Ulihesabu?"

"Ilikuwa na muhuri, mama."

Kuli alipiga paja. "Fungu lile! Si nililirudisha kwenye gari mwenyewe? Lilikuwa limetoboka toboka. Madumu ishirini na tano."

Mama alifungua hati yetu ya siku ile, aliyoijaza yeye mwenyewe: yamepokelewa 75, 25 mabovu yamerudishwa. Mimi sikuisubiri. Kijana ninayehoji kila kitu, hadi mahubiri, niliuamini muhuri.

Nikachukua kifutio cha wino. Akanipiga kidogo mkononi. "Kadi haifutwi. Andika mstari mpya."

Nikaandika: marekebisho ya mstari wa nne, yamepokelewa 75 si 100. Safu ya kutolewa, 25. Salio, 187. Tukasaini wote wawili. Meneja akasoma, akaniangalia kwa muda, akasaini na yeye. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Kuli alibeba begi la mama kichwani, akakimbia nalo mbele yetu hadi stendi.

Mlangoni mwa basi mama aligeuka. "Mzigo ukija, unafanya nini kwanza?"

"Nahesabu."

"Kabla ya salamu!"

Jumatatu konda wa basi alituletea boksi kutoka Kintinku. Juu lilikuwa na karatasi ya mwandiko ninaoujua: keki, vipande sita, mgawane. Kuli alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamzuia, nikafungua, nikahesabu mbele ya konda, naye akaanza kuangalia dirishani.

Nikamtumia mama ujumbe: "Vimepokelewa vitano."

Jibu lilikuja hapohapo: "Andika vitano. Cha sita mwulize konda."